Maelezo ya azimio la Bodi kuhusu watia saini wa mkopo

Singida, 9 Juni 2025

Dada Zuhura, salaam.

Nimemaliza kutafsiri rasimu ya azimio uliyoletewa na benki. Nimeiweka hapa kifungu kwa kifungu na maelezo yake, ili Jumamosi tarehe 14 Bodi ikikaa uwasomee wakurugenzi kwa lugha wanayobishania kila siku. Ya Kiingereza ndiyo benki itakayoitegemea, kwa hiyo mkibadilisha neno kwenye Kiswahili, libadilishwe na kule pia kabla hujasaini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Wale wanaosaini hundi zenu hawapati kwa hilo pekee mamlaka ya kukopa. Idhini ya akaunti ni ya kutoa pesa ambazo kampuni inazo, na azimio hili ni la kuifunga kampuni deni. Ndiyo maana benki inataka karatasi nyingine hata kama majina ni yale yale.

Kifungu cha 1: “IMEAZIMIWA KWAMBA Kampuni ikope kutoka Benki kiasi kisichozidi shilingi 85,000,000, kwa masharti ya barua ya ofa ya tarehe 2 Juni 2025, kwa ajili ya kununua mashine ya kukamua alizeti na chujio lake.”

Hapa Bodi inakubali mkopo wenyewe. Neno “kisichozidi” lina kazi: watia saini hawawezi kurudi na mkopo wa milioni 100 wakasema benki iliwashawishi. Barua ya ofa iwe mezani siku ya kikao, maana riba, muda na adhabu ya kuchelewa viko humo, si kwenye azimio.

Kifungu cha 2: “KWAMBA wawili wowote kati ya Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mtendaji na Mkurugenzi wa Fedha, wakitia saini kwa pamoja, wanaidhinishwa kusaini kwa niaba ya Kampuni mkataba wa mkopo, hati za dhamana na nyaraka nyingine zinazohusu mkopo huo.”

Hiki ndicho moyo wa karatasi nzima, kisome mara mbili. Rasimu ya benki ilisema “yeyote kati ya”, yaani mmoja peke yake anatosha. Nimekuandikia “wawili wowote, kwa pamoja” kwa sababu ndivyo ulivyoniambia Bodi inavyotaka, na nimeweka alama nyekundu kwenye Kiingereza chake ili benki ione. Mngeandika “wote watatu”, Mwenyekiti akisafiri kwenda Dodoma kazi inalala. Mkiacha “yeyote”, mtu mmoja anaweza kuweka rehani mashine asubuhi na wenzake wakasikia jioni.

Kiingereza cha kifungu hiki kina neno ambalo watu wengi hulifasiri “kutekeleza mkataba”. Si makosa ya kamusi, maana neno lina sura mbili. Ila hapa maana yake ni kutia saini hati kwa namna inayoifunga kampuni kisheria. Kutekeleza mkataba ni kulipa rejesho kila mwezi, na hilo halihitaji watia saini, linahitaji alizeti iuzike.

Benki pia iliandika “nyaraka nyingine zozote watakazoona zinafaa”. Nimeipunguza ikawa “zinazohusu mkopo huo”. Ile ya kwanza ni mlango usio na komeo.

Wametajwa kwa vyeo, si kwa majina, nami naona ni sawa. Niliwahi kufasiri azimio la kampuni moja iliyotaja majina mawili tu, “wakisaini kwa pamoja”. Mmoja akafariki kabla pesa hazijatoka, ikabidi Bodi ikutane upya kabla benki haijaendelea, na msimu wa mavuno haukuwangoja. Ukitumia vyeo lakini, ambatisha ukurasa wenye jina la anayeshika kila cheo sasa na mfano wa saini yake. Benki italinganisha.

Kifungu cha 3: “KWAMBA Kampuni iweke mashine hiyo, pamoja na akiba yake ya mbegu na mafuta, kuwa dhamana ya mkopo.”

Neno la Kiingereza hapa huweza kuwa ada, shtaka au dhamana. Mhasibu wenu alidhani benki inataka ada nyingine. Hapana, inataka mali ishikiliwe. Dhamana ya namna hii husajiliwa BRELA ndani ya siku 42 tangu iwekwe. Hata kama benki imeahidi kufanya hivyo yenyewe, andika tarehe ya kusaini kwenye daftari lako na uwaulize. Dhamana binafsi ya mkurugenzi ni hati nyingine kabisa. Anayesaini kwa cheo chake hapa hajaweka nyumba yake, ila wasome kila karatasi watakayoletewa siku hiyo.

Kifungu cha 4: “KWAMBA yote yaliyokwisha kufanywa na watia saini hao kuhusu mkopo huu kabla ya azimio hili yanaridhiwa.”

Kinaonekana cha kawaida. Muulize Mkurugenzi Mtendaji mbele ya wenzake: umeshasaini nini? Kama ni fomu ya maombi tu, isemwe hivyo kwenye muhtasari. Kuridhia jambo usilolijua ni kutia saini gizani.

Kifungu cha 5: “KWAMBA azimio hili litaendelea kuwa na nguvu hadi Benki ipokee taarifa ya maandishi ya kulibadilisha au kulifuta.”

Maana yake mkurugenzi akijiuzulu leo na hukuiandikia benki, benki ina haki ya kuendelea kuiheshimu saini yake. Kuandika barua hiyo ni kazi yako, Dada. Ipeleke kwa mkono, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Chini kabisa ni uthibitisho wako: “Mimi, Katibu wa Kampuni, nathibitisha kwamba hii ni nakala halisi ya azimio lililopitishwa katika kikao cha Bodi kilichoitishwa ipasavyo na kutimiza akidi, tarehe 14 Juni 2025, na kwamba halijabadilishwa wala kufutwa.”

Ulinituma niandike tarehe 6 kwa kuwa afisa wa mikopo ana haraka. Sikuandika. Tarehe 6 hakuna aliyekutana, na sentensi hii inakushuhudia wewe, si Bodi. Akidi itazame kwenye katiba ya kampuni, usikisie, kisha mahudhurio yasainiwe siku hiyo hiyo.

Kuna moja ulilidokeza kwenye simu ukalipita haraka: Mkurugenzi wa Fedha ana hisa kwenye duka litakalowauzia mashine. Sheria ya Makampuni inamtaka atangaze maslahi yake kwenye kikao. Atangaze kabla ya kura, uandike alichosema kwa maneno yake, kisha tazama katiba yenu inasemaje kuhusu yeye kupiga kura na kuhesabiwa kwenye akidi. Akiwa hahesabiki, wale wawili waliobaki lazima wawepo wote. Na hata katiba ikimruhusu, ningependa mkataba usainiwe na hao wawili.

Nakala mbili za Kiswahili nimempa kijana wa bodaboda, zitakufika kesho kabla ya saa sita. Moja ni ya kitabu cha mihutasari, nyingine ichoreeni mnavyotaka.

Ndugu yako,
Mfasiri