Maagizo ya kuchora maskoti ya klabu yetu: silikanti wa Tanga

Kwako dada mchoraji,

Habari za kazi. Kama tulivyokubaliana kwenye simu, haya ndiyo maagizo kamili ya maskoti ya klabu yetu ya soka ya vijana, hapa Tanga mjini. Nimeyaandika kwa urefu makusudi, maana mara ya kwanza tulimpa mchoraji mwingine sentensi mbili tu, "tunataka samaki mkali, rangi zetu bluu na njano", akatuletea picha nzuri sana ya ukubwa wa bango. Ilikuwa na mawimbi, meno, magamba moja moja na jina la klabu limezungushwa chini. Tulipoiweka kwenye duara la picha ya kundi la WhatsApp, wazazi wakauliza kama simu zao zina doa. Fundi wa kudarizi naye aliitazama, akasema hapa kwenye kofia litatoka bonge la uzi.

Agizo lenyewe, kwa ufupi, ni hili:

Chora samaki mmoja, silikanti, anayetazama kulia, mwili umepinda kama ndizi iliyolazwa, kichwa chini kulia na mkia umenyanyuka juu kushoto. Mkia uwe wa panda tatu, mkubwa kuliko ulivyo kwa samaki halisi. Chini ya tumbo mapezi mawili manene, moja mbele moja nyuma, kama miguu ya mtu anayekimbia. Jicho moja la duara. Rangi bapa mbili tu, bluu nzito na njano. Pasiwe na herufi, mpira, mawimbi, kivuli wala rangi inayofifia. Atambulike kwa umbo la nje peke yake, akijazwa weusi mtupu, na atambulike akiwa na upana wa pikseli 16.

Yanayofuata ni sababu na vipimo. Tafadhali yasome yote kabla hujashika kalamu.

Kwa nini silikanti? Wataalamu waliamini samaki huyu alitoweka duniani pamoja na dinosari, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipopatikana mmoja akiwa ametoka baharini Afrika Kusini. Kwetu wavuvi walianza kuwatoa kwenye jarife, zile nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya silikanti hapa hapa Tanga. Vijana wetu wengi ni watoto wa wavuvi. Simba wapo kwenye nembo nyingi mno nchini, lakini samaki huyu ni wa kwetu. Halafu ana jambo ambalo mchezaji mpira hawezi kulipuuza: anapoogelea, mapezi yake hupishana, la kulia mbele likienda na la kushoto nyuma, kama mnyama wa miguu minne anavyotembea. Ndiyo maana nataka yale mapezi mawili yasomeke kama mwendo wa kukimbia. Usimpe miguu ya kweli wala viatu vya mpira. Pezi likiwa na shina nene na ncha ya mviringo linatosha.

Sasa umbo. Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Samaki yeyote ukimlaza mnyoofu kama mstari anakuwa mrefu na mwembamba, na kwenye mraba mdogo anabaki kijistari cha pikseli 14 kwa 5, juu na chini patupu. Tumempinda ili aujaze mraba. Ukipinda sana atakuwa kamba wa baharini, ukipinda kidogo atarudi kuwa dagaa. Unene wa mwili katikati usipungue theluthi moja ya upana wa turubai.

Chora kwenye turubai ya yuniti 512 kwa 512. Nimechagua hesabu hiyo kwa sababu ukiigawa kwa 16 unapata 32, kwa hiyo kila yuniti 32 zitakuwa pikseli moja kwenye ukubwa wa mwisho kabisa. Kitu chochote chembamba kuliko yuniti 32, kiwe mstari au mwanya, kitageuka ukungu wa kijivu pale. Weka gridi ya 32 kwenye programu yako, na kingo kubwa zikae juu ya mistari ya gridi kila inapowezekana.

Mkia ndio utambulisho wake. Papa, nyangumi, pomboo, jodari, wote mikia yao ina panda mbili, huyu peke yake ana tatu. Kwa samaki halisi ile panda ya katikati ni ndogo na imechomoza nyuma kama kijilimi, na ukiichora ilivyo itapotea ikipunguzwa. Kwa hiyo ikuze: kila panda iwe na upana wa yuniti 64, na mianya miwili kati yake iwe ya 32 kila mmoja. Jumla ni 256, nusu ya turubai. Najua utaona mkia umezidi, na mwalimu wa baiolojia ataona hivyo pia. Uache. Kwenye pikseli 16 utakuwa pikseli 8 kwa kuenda juu, mbili kwa moja kwa mbili kwa moja kwa mbili, na hapo ndipo mtoto atahesabu panda tatu. Panda ya katikati ichomoze nyuma zaidi ya mbili za pembeni, kwa yuniti 32 kamili.

Jicho liwe duara la njano lenye kipenyo cha yuniti 64, bila mboni. Macho ya silikanti hung'aa yakipigwa na taa kule kwenye giza la kina, kwa hiyo njano inamfaa kabisa. Kwenye toleo kubwa, la bango na mgongo wa jezi, unaweza kuweka mboni ya bluu ya yuniti 32. Mdomo uwe mkato mmoja wa njano, unene 32, ukipanda kidogo kwa nyuma. Toleo dogo lisiwe na mdomo kabisa.

Madoa meupe ndiyo yaliyoniumiza kichwa. Silikanti wa kweli ni wa bluu mwenye madoa meupe mwili mzima, na kila anayemfahamu atayatafuta. Niliwahi kuchora kwa mkono nikaweka kumi na mawili. Nilipoipiga picha na kuipunguza, samaki akawa kama ameliwa na nondo. Basi toleo kubwa liwe na madoa matatu tu, makubwa, mgongoni, ya njano badala ya meupe ili tusiongeze rangi ya tatu. Toleo dogo lisiwe nayo.

Rangi ni hizi, na uzitumie kama zilivyo:

```
viewBox="0 0 512 512"
bluu:  #0B2A5B
njano: #FFC20E
```

Bluu hii na njano hii zimeachana vizuri kwa mwangaza, zaidi ya 8 kwa 1, wakati kipimo kinachotumika kwa michoro ya tovuti ni angalau 3 kwa 1. Kwa hiyo hata asiyeona rangi vizuri atamwona samaki. Hatari iko kwenye njano juu ya nyeupe: hapo ni kama 1.6 kwa 1, inayeyuka. Kwa hiyo njano isiguse nyeupe popote. Samaki wa bluu akae juu ya duara la njano au juu ya karatasi nyeupe. Juu ya jezi yetu ya bluu, samaki ageuke njano na jicho ligeuke bluu. Usiongeze kijani hata kwa urembo wa mwani, maana mtaani njano ikikaa na kijani kila jicho linasoma Yanga, na sisi tunataka kusomwa kwa jina letu.

Duara la WhatsApp hukata pembe nne za mraba. Samaki wote, pamoja na ncha za mkia, akae ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha yuniti 224, katikati ya turubai. Ukiona ncha ya mkia inatoka, punguza mpindo wa mwili, usipunguze mkia.

Kwa kudarizi, fundi wetu anasema chochote chembamba kuliko milimita 1 uzi hukifunika. Nembo ya kifuani itakuwa na upana wa milimita 40, kwa hiyo yuniti 32 zitakuwa milimita 2.5. Kofia ni milimita 24, ambapo 32 inakuwa 1.5. Ukifuata gridi hutapata tabu kwa fundi. Tunahitaji pia toleo la rangi moja, nyeusi tupu, jicho likiwa tundu, kwa ajili ya muhuri wa mpira na barua zinazopigwa fotokopi mara tatu kabla hazijafika ofisi ya michezo.

Sura yake iwe ya bidii, si ya hasira. Timu yetu ina watoto wa miaka tisa. Meno, misuli, mikuki na damu hatuhitaji.

Utaratibu wa kazi: kwanza niletee vivuli vitatu tofauti, yaani maumbo ya nje yaliyojazwa weusi mtupu, bila jicho na bila rangi. Kila kimoja ukiweke kwa upana wa pikseli 512, 48 na 16 kwenye ukurasa mmoja. Usilete rangi kabla hatujachagua kivuli, kwa sababu kamati ikiona njano itaipenda njano na kusahau umbo. Mimi nitawaonyesha mchoro ule mdogo kabisa watoto watano ambao hawajawahi kuuona, mmoja mmoja, nikihesabu moja mbili kisha nafunika simu. Wakisema samaki, vizuri. Wakisema samaki mwenye mkia wa panda tatu, tumempata. Wakisema papa au nyangumi nitakurudishia, na si kosa lako, tutakuza mwanya wa mkia tujaribu tena.

Kikishapita kivuli, unafanya matoleo manne: kubwa lenye madoa, dogo lisilo na mdomo wala madoa, la njano kwa jezi ya bluu, na la rangi moja. Kila toleo liwe faili ya SVG, na PNG za pikseli 512, 48, 32 na 16. Ile ya 16 usiiache programu ikupunguzie yenyewe. Ikague pikseli kwa pikseli, uondoe za kijivu kwenye mianya ya mkia kwa mkono.

Malipo ni shilingi 350,000 kama tulivyosema: 150,000 ukileta vivuli, zilizobaki ukileta faili zote. Vivuli navihitaji ndani ya siku kumi, kwa sababu jezi za vijana wa chini ya miaka 13 zinakwenda kwa fundi mwisho wa mwezi, na nafasi ya kifuani nimemwambia aiache wazi.

Wako,
Katibu wa klabu