Uwiano na Asilimia Sokoni

Mama muuza nyanya amenunua tenga kwa sh. 40,000, akauza nyanya zote kwa sh. 50,000. Faida yake ni sh. 10,000.

Uwiano wa faida kwa bei ya kununulia:
10,000 : 40,000 = 1 : 4

Asilimia ya faida:
10,000/40,000 × 100 = 25%

Ukipata 20%, umegawanya kwa bei ya kuuzia. Wengi hunaswa hapo! Gawanya kwa fedha iliyotoka mfukoni.

Zoezi
1. Tenga la pili, la bei ileile, lilinyeshewa, likauzwa sh. 34,000. Tafuta asilimia ya hasara.
2. Mama na dada yake walichanga mtaji kwa uwiano wa 3 : 2. Wagawie faida ya sh. 10,000.

Majibu: 15%, sh. 6,000 na sh. 4,000.