Barua kwa Daudi kuhusu wagunduzi wawili na shamba lao

Ndugu yangu Daudi,

Barua yako niliipokea juzi na nimeisoma mara tatu, ingawa ilikuwa fupi kuliko barua zote ulizowahi kuniandikia tangu tulipoachana chuoni. Umesema kwamba mchana unapita kwa sababu wajukuu wanaingia na kutoka, lakini jioni, wakishaondoka, nyumba inakuwa na ukimya ambao hukuujua wakati shemeji yu hai, na kwamba ukiwasha televisheni ili kuuondoa unakutana na vichekesho vyenye kicheko cha kurekodiwa ambacho kinakukera kama mtu anayekutekenya msibani. Maneno hayo ya mwisho yamenikaa moyoni. Sikuandikii ili kukupa pole, kwa kuwa pole nilikwisha kukupa na najua zimekutosha. Ninakuandikia kukuomba utazame tamthilia moja ya vichekesho, na kukueleza kwa utulivu kwa nini nadhani hiyo haitakukera.

Inaitwa Detectorists. Ni ya Kiingereza, ilianza kuonyeshwa mwaka 2014 na shirika la utangazaji la BBC, na imeandikwa na kuongozwa na Mackenzie Crook, ambaye pia anaigiza mmoja wa wahusika wakuu wawili. Anaitwa Andy, na rafiki yake Lance anaigizwa na Toby Jones. Kazi yao ya riziki ni ya kawaida kabisa: Lance anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala la mboga, na Andy anafanya vibarua huku akisomea akiolojia. Lakini maisha yao halisi yako mashambani, ambako kila wapatapo nafasi wanatembea taratibu wakipitisha juu ya udongo mashine ya kutambua metali iliyozikwa, wakiwa na matumaini kwamba siku moja watapata dhahabu ya wafalme wa kale. Wanachopata kwa kawaida ni vifungo vya nguo na vile vipete vya kufungulia makopo ya soda.

Nikikueleza kwamba tamthilia nzima ni hiyo, utadhani ninakutania. Ni hiyo kweli. Watu wazima wawili wanatembea shambani, mashine inalia, mmoja anapiga magoti na kuchimba, mwenzake anauliza kwa mbali amepata nini, naye anatazama kiganjani na kujibu bila haya kwamba ni kipete cha kopo. Kisha wanakaa chini ya mti, wanafungua vyakula vyao, na wanazungumza juu ya chemshabongo ya televisheni waliyoitazama usiku uliopita, kila mmoja akijaribu kumwonyesha mwenzake kwamba maswali aliyajua. Hakuna kicheko cha kurekodiwa hata mara moja. Usipocheka, hakuna anayekuona. Ukicheka, umecheka mwenyewe, kwa hiari yako, na mara nyingi utakuwa umechelewa kidogo, kwa sababu utani wao hufika kama mgeni anayebisha hodi na kusubiri afunguliwe.

Kuna jambo moja ambalo wewe, uliyefundisha ngeli kwa zaidi ya miaka thelathini, utalifurahia kuliko mtazamaji yeyote. Watu wa nje huchanganya jina la mashine na jina la mtu anayeitumia, na jambo hilo linawaudhi hawa wawili kupita kiasi, hata wanasitisha mazungumzo ili kusahihisha. Kwa lugha yetu ni sawa na mtu kumwita mgunduzi kigunduzi. Nilipoona mara ya kwanza Lance anavyokunja uso kwa kosa hilo, nilikukumbuka wewe ukiwa mbele ya ubao, chaki mkononi, ukimweleza kijana mmoja kwamba amemhamisha babu yake kutoka ngeli ya watu na kumweka pamoja na viti na vikombe.

Wana chama chao, chenye wanachama wachache, mikutano mirefu na mwenyekiti anayeitwa Terry, ambaye huongoza kwa uzito kana kwamba nchi nzima inasubiri maazimio. Chama hicho kina mahasimu: wanaume wawili wanaofanana mno na waimbaji wawili mashuhuri wa Kimarekani wa miaka ya 1960, kiasi kwamba kila mtu amewabandika majina ya waimbaji hao. Majina sikutajii, nataka uwatambue mwenyewe. Ugomvi wa pande hizo mbili unaendeshwa kwa matusi dhaifu sana na vitisho visivyotekelezwa, na sijapata kuona uadui wenye upole kama ule.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ni upuuzi mtupu. Hadithi imewekwa katika jimbo la Essex, na picha nyingi zimepigwa katika jimbo jirani la Suffolk, na udongo wa pande hizo kweli umeficha mambo. Mwaka 1939 lilifukuliwa huko Sutton Hoo, Suffolk, kaburi la merikebu iliyozikwa pamoja na hazina ya mtu mkubwa wa enzi za Wasaksoni, na katika msimu wa kwanza Andy na Lance wanatafuta kaburi la namna hiyo hiyo, la mfalme aliyeitwa Sexred. Kisa ninachokipenda zaidi, ambacho hakimo katika tamthilia lakini kingeweza kuwamo, ni cha kijiji cha Hoxne katika jimbo hilo la Suffolk. Mwaka 1992 mkulima alipoteza nyundo yake shambani, akamwomba mtu mwenye mashine ya kutambua metali amsaidie kuitafuta. Mtu huyo akakuta sarafu za Kirumi karibu 15,000 pamoja na vito vya dhahabu. Nyundo nayo ilipatikana, na leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza pamoja na hazina yenyewe. Ukishajua kisa hicho, hutamcheka tena kwa dharau mtu anayepiga magoti kwa ajili ya kipete cha kopo. Utamcheka kwa kumwonea huruma, na hata kwa kumwonea wivu kidogo.

Sasa nikuambie mambo mawili ya tahadhari, kwa kuwa nisingependa uyagundue peke yako usiku. La kwanza, katika msimu wa kwanza kuna mzee mwenye shamba, mpweke na wa ajabu, ambaye watu wanamsingizia kwamba alimuua mkewe na kumzika humo humo shambani. Tetesi hizo zinachukuliwa kwa mzaha, na sehemu zake ni za kuchekesha kweli, lakini nilipozitazama tena wiki iliyopita nikikufikiria wewe, nilisita. Ukiona zinakuchoma, ziruke. Hutapoteza mwelekeo wa hadithi. La pili, Lance mwenyewe ni mtu aliyeachwa na mkewe na bado hajamtoa moyoni. Anaishi peke yake, analo gari lake la zamani la rangi ya njano analolipenda, anapiga mandolini, na zipo nyakati ambapo kamera inamwacha nyumbani kwake bila neno. Sehemu hizo ni za kweli mno. Sikuzitoa katika hesabu kwa sababu nadhani ndizo zitakazokufanya umwamini anapochekesha, lakini ni vyema ujue kwamba zinakuja.

Upande wa Andy nyumba ina kelele zaidi. Becky, mwenzi wake, ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenye akili na ulimi mwepesi, na anamtania Andy bila kumdharau, jambo ambalo ni nadra katika vichekesho vya mume na mke, ambavyo kwa kawaida humfanya mmoja mjinga na mwingine mkali. Mama yake Becky katika hadithi anaigizwa na Diana Rigg, ambaye alikuwa mama mzazi wa mwigizaji wa Becky mwenyewe, Rachael Stirling. Wanapotazamana kwa jicho la kuchoshana, huo si uigizaji peke yake.

Misimu ni mitatu, kila mmoja una sehemu sita za takriban nusu saa, na zipo sehemu mbili maalumu za Krismasi, moja ya mwaka 2015 na nyingine ndefu zaidi ya mwaka 2022. Nakushauri utazame sehemu moja tu kwa jioni, wala usifanye kama wajukuu wako wanaomaliza msimu mzima usiku mmoja kisha hawakumbuki kitu. Hii haifai kumezwa haraka. Sehemu ya kwanza huenda ikakuchosha, maana hakuna kinachotokea. Ya pili utajikuta umeanza kuwazoea. Na kufikia mwisho wa ya tatu, kama nakufahamu vyema, utakuwa umeshachagua upande katika ugomvi wa vyama. Kiingereza chao ni cha kumung'unya, kwa hiyo mwambie mjukuu wako mkubwa akuwashie maandishi ya chini kabla hajaondoka. Wimbo wa ufunguzi usiuruke. Ni wa sauti ya chini, wa gitaa, na mimi siku hizi huanza kutulia ukianza tu.

Utajiuliza kwa nini nimechagua hii, wakati najua unapenda vichekesho vya maneno makali kama tulivyokuwa tukiigiza jukwaani ujanani. Nilifikiria kwanza kukupendekezea vya namna hiyo. Kisha nikakumbuka miezi ile baada ya mimi kumpoteza kaka yangu, ulipokuwa ukija kila Jumamosi, ukikaa barazani na gazeti lako, ukisoma kwa sauti matangazo ya wasaka wachumba na kuyasahihisha sarufi. Hukunilazimisha nicheke. Wiki ya nne au ya tano nikacheka, na wewe ukafungua ukurasa mwingine kana kwamba hukusikia. Tamthilia hii inafanya vivyo hivyo: inakaa karibu, inashughulika na mambo yake, inakuacha.

Nimempa Elia diski za msimu wa kwanza pamoja na barua hii, na misimu mingine nitaituma ukiniambia kwamba unaitaka. Usipoipenda, niambie wazi. Urafiki wetu umepita mitihani mikubwa kuliko huo, ikiwamo ule mchezo wako wa kuigiza wenye vitendo saba. Huna haja ya kunijibu kwa maandishi. Nitakupigia simu Alhamisi saa tatu usiku, baada ya wajukuu kuondoka, na sitakuuliza hali yako, kwa sababu najua utanijibu kwamba ni njema. Nitakuuliza tu umepata nini, nawe unaweza kunijibu kwamba ni kipete cha kopo.

Nduguyo wa siku zote,

Yohana