Ukaguzi wa umeme: nyumba ya kupanga, vyumba viwili, watu watatu

Mita ilisomwa Jumatatu saa 1 asubuhi: 3,218.4. Jumatatu iliyofuata, saa ileile: 3,262.5. Zimetumika uniti 44.1 kwa wiki, yaani 6.3 kwa siku.

Matumizi kwa siku (uniti):

Friji 1.9
Hita ya kuogea 1.8
Balbu mbili za zamani, wati 60 kila moja, kwa muda wa saa 5: 0.6
Birika la umeme 0.6
Televisheni 0.35
King'amuzi 0.3
Pasi 0.2
Kompyuta na simu 0.15
Balbu tatu za LED 0.1

Jumla ni 6.0. Zinapungua 0.3, na hizo ndizo zilizotafutwa kwanza.

Usiku kila kitu ndani kilizimwa, swichi kuu ikaachwa imewashwa. Taa nyekundu ya mita bado ilimweka mara moja kila sekunde 144. Mita hii humweka mara 1,000 kwa uniti moja, kwa hiyo ni wati 25. Ilipozimwa swichi kuu, taa ya ukumbi wa nje nayo ikazimika: imeungwa kwenye mita yetu, na huwaka kwa muda wa saa 12 kwa siku. Ndizo zile 0.3.

Friji na king'amuzi vilipimwa saa 24 kwa mita ndogo ya soketi. Kibandiko cha friji kinasema wati 150. Ukizidisha kwa saa 24 unapata 3.6, karibu mara mbili ya ukweli, kwa sababu kompresa hupumzika. Pasi nayo hujikata, usiihesabu kwa kibandiko. Hita haina plagi: iliwashwa peke yake dakika moja, mita ikamweka mara 75, sawa na wati 4,500.

Hatua, kuanzia zisizo na gharama, na uniti zitakazookolewa kwa siku:

1. Kuoga dakika 5 badala ya 8: 0.7. Hakuna kingine kinachofikia hapa.
2. Mwenye nyumba ahamishie taa ya ukumbi kwenye mita ya pamoja: 0.3. Aitwe fundi wake. Mpangaji asiguse nyaya.
3. Friji: kuyeyusha barafu (ina unene wa sentimita 2, usiichokoe kwa kisu, utatoboa bomba la gesi), kufuta vumbi nyuma, kuisogeza sentimita 10 kutoka ukutani. Kadirio 0.3, lipimwe tena.
4. King'amuzi kuzimwa ukutani kisipotumika: 0.2.
5. Birika: maji ya vikombe vinavyohitajika tu: 0.2.
6. Balbu mbili za LED, wati 9: 0.5. Za zamani zitunzwe, zirudishwe siku ya kuhama kama ni za nyumba.
7. Mpira wa mlango wa friji. Karatasi iliyobanwa kona ya chini inachomoka bila kushikwa. Uoshwe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ukibaki mgumu, ndipo ununuliwe.

Friji mpya haimo kwenye orodha hadi hatua ya 3 na ya 7 zipimwe. Mita isomwe tena baada ya wiki mbili, Jumatatu, saa 1 asubuhi.