Mradi wa Taka wa Kidato cha Pili B: Mawazo ya Kupigia Kura Ijumaa

Wanafunzi wangu,

Ijumaa kipindi cha mwisho tutapiga kura kuchagua mradi wetu wa kujitolea wa muhula huu. Someni karatasi hii nyumbani, wasomeeni na wazazi, kisha mje na msimamo. Mfuko wa darasa una shilingi 60,000, kwa hiyo wazo lolote linalohitaji mashine tuliache kwanza.

Nimeandika nikiifikiria Tandale yetu, siyo ule mtaa wa kwenye vitabu wenye geti na mapipa matatu ya rangi tatu. Kwetu nyumba moja ina wapangaji wanane, ua mmoja, choo kimoja, na ndoo ya taka inakaa pale palipopatikana nafasi. Mwambie mama wa chumba kimoja aweke mapipa matatu, atakuuliza watoto walale wapi. Ndiyo maana napendekeza tugawe taka mara mbili tu: mbichi na kavu. Mbichi ni maganda, makapi ya nazi, mabaki ya ugali na majani ya chai. Kavu ni chupa, makopo, maboksi na karatasi.

Zaidi ya nusu ya taka za majumbani mwetu ni hizo mbichi. Zikichanganyika na kavu, boksi linalowa, muokota chupa hataki kugusa, guta linakuwa zito, na kila kitu kinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, au mtoni kama mwenye guta hajalipwa. Zikitengwa tokea jikoni, kavu zinapata mnunuzi na mbichi zinapata kazi.

Ndoo ya maganda

Hili ndilo wazo ninaloliunga mkono, na sifichi. Tusianze na nyumba za wapangaji, tuanze na mama lishe na wakaanga chipsi walio kati ya geti la shule na kituo cha daladala. Muuza chipsi mmoja anamenya viazi ndoo nzima kabla ya saa nne asubuhi, na maganda yake ni masafi, hayana nepi wala nailoni ndani. Tunampa ndoo yenye mfuniko, tunaipitia kila jioni, tunamrudishia ikiwa imeoshwa.

Nyuma ya maabara tutatengeneza mboji katika viroba vikubwa vilivyotobolewa pembeni. Chini weka vijiti ili hewa ipite. Juu yake panga kwa tabaka: ndoo moja ya maganda kwa ndoo mbili za vitu vikavu, yaani majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa au randa za fundi seremala. Geuza kila wiki. Ukiminya fumba la mboji yatoke matone mawili matatu, basi. Ikinuka kama yai viza, ina maji mengi na hewa kidogo, ongeza vikavu ugeuze tena. Ikiwa sawa, katikati itapata joto, mkono wenyewe utakuambia. Nyama, samaki na mafuta ya kukaangia hapana, panya wa mtaa huu hawahitaji mwaliko. Baada ya miezi miwili hadi mitatu tutakuwa na mbolea nyeusi ya kupandia mchicha na matembele.

Ugumu upo kwenye zamu. Nilipomgusia mama lishe mmoja wa hapo kituoni, alinijibu bila kupepesa: "Mwalimu, maganda nitawapa. Ila mkikosa siku mbili ndoo ikanuka, wateja wanahamia kwa jirani, na mimi naimwaga mtaroni." Kwa hiyo anayepigia kura wazo hili anapigia kura pia Jumamosi, Jumapili na likizo.

Vumbi la mkaa

Chini ya magunia ya kila muuza mkaa kuna vumbi linalofagiliwa na kutupwa. Tuliombe, tulichekeche kutoa mawe, kisha tulikande kwa uji mzito wa unga wa muhogo: kilo kumi za vumbi kwa nusu kilo hadi kilo moja ya unga. Linafinyangwa kwa kopo au kwa mkono, linaanikwa juani siku tatu hadi tano. Donge likidondoshwa likavunjika, uji ulikuwa mwepesi au halijakauka. Unaweza kuunganisha na wazo la kwanza: mama lishe anatupa maganda, sisi tunampa mkaa. Sharti langu ni kwamba tunajaribu kuwasha nje tu, kwa sababu jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua, na asiongeze mtu plastiki eti liwake haraka.

Chupa na wanaoziokota

Kila mwaka kuna darasa linataka kuokota chupa na kuuza. Pigeni hesabu kwanza. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 65, na mnunuzi anapima kilo. Halafu kuna watu wazima mtaani wanaoishi kwa kazi hiyo, na sisi tukijaza magunia kwa sifa ya shule tunawanyang'anya riziki. Ninachokubali ni kinyume chake: kila ua tuwekee gunia la kavu, tukubaliane na muokota chupa mmoja apitie siku maalumu. Sisi kazi yetu iwe kuelekeza wapangaji na kuhakikisha gunia halitumiki kama choo cha paka.

Mtaro

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini mitaro inayoelekea Mto Ng'ombe bado imejaa vifungashio na chupa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanazibua, tope linarundikwa ukingoni, na mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Mradi mzuri hapa ni mdogo: kuomba kwa mtendaji wa mtaa guta lije siku ileile, na sisi tuchague kavu kabla tope halijapakiwa. Lazima tumalize kabla ya masika ya Machi. Nasita kwa sababu mitaro hiyo inapokea pia maji ya vyoo, na buti za mpira tunazo pea chache.

Mapambo ya chupa na vitalu vya makopo sijayakataza, ila vasi la chupa huwa taka tena baada ya wiki mbili. Kopo la kilo moja la maziwa lililotobolewa chini likapandwa mchicha, hilo sawa.

Kwa mradi wowote utakaoshinda: hakuna kushika sindano, nyembe, nepi wala taka za zahanati. Ukiziona, muite mwalimu. Glavu lazima, na kunawa kwa sabuni kabla ya kula. Wiki ya kwanza hatufanyi kitu ila kupima: makundi manne, kila kundi nyumba tatu, mizani ya kuning'iniza kutoka maabara, mbichi na kavu zipimwe mbalimbali kila jioni. Tutapima tena mwisho wa muhula kwenye nyumba zilezile.

Barua kwa mwenyekiti wa mtaa nimeshaandika. Kiranja akusanye fomu za ruhusa za wazazi kufikia Alhamisi saa sita mchana, na kila mmoja aje na kiroba kimoja kisicho na tundu.

Mwalimu wenu mlezi