Usalama wa Umeme wa Nyumbani: Fyuzi, Waya wa Ardhi, Sakiti Breka na Uhami Maradufu

Maelezo ya somo pamoja na maswali ya majibu mafupi, kwa wanafunzi wa darasa la jioni la ufundi wa umeme, Kisauni, Mombasa

Umeme unaoingia katika nyumba zetu, iwe ni Mji wa Kale, Likoni au Changamwe, una volteji 240 na masafa ya hezi 50. Unaletwa na nyaya mbili: waya wa moto, ambao ndio wenye volteji hiyo, na nyutro, ambayo volteji yake ikilinganishwa na ya ardhi huwa karibu na sifuri. Mtu aliyesimama chini akiugusa waya wa moto, mwili wake huwa njia ya mkondo kuelekea ardhini. Tuseme ukinzani wa mwili huo ni omu 2000. Mkondo utakaopita ni 240 ÷ 2000, yaani ampia 0.12, ambazo ni milliampia 120. Milliampia 10 hivi zinaweza kukaza misuli ya mkono hata mtu akashindwa kuachia alichokishika, na kuanzia kama milliampia 30 moyo unaweza kuvurugika mapigo. Ngozi yenye jasho hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko ngozi kavu, na anayeishi pwani hii anajua ni miezi mingapi kwa mwaka ngozi yake huwa kavu.

Soma maelezo yanayofuata ukizingatia swali moja kwa kila kifaa: kinamlinda nani, au kinalinda nini? Makosa mengi yanayoonekana majumbani hutokana na kudhani kwamba kifaa kimoja kinafanya kazi ya kingine.

Fyuzi

Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kilichowekwa makusudi kiwe sehemu dhaifu ya sakiti. Mkondo ukizidi kiasi, waya huo hupata joto, huyeyuka na kuikata sakiti. Huwekwa kwenye waya wa moto, na swichi vilevile, kwa sababu ikikatika upande wa nyutro kifaa kitazimika lakini ndani yake bado kutakuwa na volteji 240, na anayekifungua akiamini kimezimika anaweza kupigwa na umeme.

Plagi zetu za pini tatu hutumia fyuzi za ampia 3, 5 au 13. Ili kuchagua, gawanya nguvu ya kifaa kwa volteji, kisha chukua fyuzi iliyo juu kidogo ya jibu unalopata. Birika la wati 2400 huchukua 2400 ÷ 240 = ampia 10, kwa hiyo hufaa fyuzi ya 13. Taa ya mezani ya wati 60 huchukua ampia 0.25 tu, na fyuzi yake ni ya 3. Ukiiwekea taa hiyo fyuzi ya 13 itawaka vizuri kabisa, lakini siku waya wake mwembamba utakapopata hitilafu, waya ndio utakaoungua kwanza badala ya fyuzi.

Fyuzi hulinda waya na nyumba dhidi ya moto, haimlindi mtu. Milliampia 120 zinazoweza kuua ni chini ya sehemu moja ya mia ya ampia 13, na fyuzi haiwezi hata kuzihisi. Isitoshe, fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo mkondo unapopita ampia 13. Ukizidi kidogo tu, inaweza kuvumilia kwa muda mrefu. Ndiyo maana kufunga unyuzi wa waya au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua ni hatari kubwa mno: umeondoa sehemu dhaifu, na sasa waya uliomo ukutani ndio utakaoungua.

Waya wa ardhi

Ndani ya kebo ya kisasa, kahawia ni waya wa moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mistari ya manjano ni waya wa ardhi. Katika nyumba za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Waya wa ardhi hufungwa kwenye bodi ya chuma ya kifaa, na katika hali ya kawaida haupitishi mkondo wowote. Kazi yake huanza waya wa moto unapochomoka au kuchubuka ukaigusa bodi. Ikiwa njia nzima ya hitilafu hiyo ina ukinzani wa omu 0.8, mkondo utakuwa 240 ÷ 0.8, yaani ampia 300, na fyuzi itakatika mara moja kabla mtu hajaigusa bodi hiyo. Waya wa ardhi na fyuzi ni washirika: bila waya wa ardhi, bodi inabaki na volteji 240 na fyuzi haina habari.

Unapofunga plagi, uache waya wa ardhi uwe mrefu kidogo kuliko nyingine mbili, ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Pini yake pia ni ndefu zaidi, nayo huingia kwanza na kufungua vilango vya matundu mawili ya chini ya soketi. Hapa ndipo tunapoharibu. Mtu ana plagi ya pini mbili, soketi inamkatalia, basi anachukua kalamu ya biki, anaisukuma katika tundu la juu, vilango vinafunguka na kifaa kinawaka. Kifaa hicho sasa hakina waya wa ardhi, wala hakina fyuzi ya plagi. Kinategemea breka ya ukutani, ambayo pengine ni ya ampia 20 au 32, kuulinda waya mwembamba kama uzi. Ikiwa ni friza ya kuuzia maji baridi, yenye bodi ya chuma na sakafu iliyolowa mbele yake, kila mteja anayefungua mlango yuko hatarini.

Waya wa ardhi wa nyumba nzima huishia kwenye fimbo ya shaba au ya chuma kilichopakwa shaba, iliyozikwa ardhini. Kwetu sisi jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee. Mchanga mkavu na mwamba wa matumbawe hupitisha umeme vibaya, na hewa ya chumvi hula viungio. Chukua fimbo ambayo ukinzani wake na ardhi ni omu 80, na njia pekee ya kurudi ni ardhini: hitilafu itapitisha 240 ÷ 80 = ampia 3 tu. Fyuzi ya 13 haitakatika, na bodi itabaki na volteji ya kuua ingawa waya wa ardhi umefungwa vizuri. Fundi mwenye leseni ya EPRA hupima ukinzani huo kwa mita maalumu. Kuitazama fimbo kwa macho hakutoshi.

Sakiti breka

Breka ya kawaida hufanya kazi ya fyuzi, lakini inaporuka huirudisha kwa kidole badala ya kununua nyingine. Ndani yake mna sehemu mbili. Ukanda wa metali mbili zilizounganishwa hupinda polepole kwa joto mkondo unapozidi kiasi, kwa mfano pasi, birika na koili ya kuchemsha maji vinapotumika pamoja kwenye sakiti moja. Sumakuumeme nayo hushughulikia shoti: mkondo mkubwa wa ghafla huvuta kishikizo na breka huruka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Breka inayoruka tena baada ya kurudishwa inakuambia kuna hitilafu. Usiishikilie kwa nguvu, na usiibadilishe kwa breka kubwa zaidi.

Breka ya kuvuja kwa umeme ni kifaa tofauti, na ndiyo inayomlinda mtu. Hulinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana, maana yake kuna umeme unaopita mahali pengine, labda katika mwili wa mtu. Ile ya majumbani huruka tofauti inapofika milliampia 30, na kwa hitilafu kubwa hukata ndani ya milisekunde 40. Katika mfano wetu wa fimbo ya omu 80, zile ampia 3 zilizoshindwa kukata fyuzi ni mara mia ya kiasi kinachoirusha breka hii. Hata hivyo haimsaidii mtu aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwa kuwa mkondo unaokwenda na unaorudi ni sawa. Bonyeza kitufe chake cha kujaribia kila baada ya miezi michache, isiporuka, ibadilishwe.

Uhami maradufu

Vifaa vingine havina waya wa ardhi na bado ni salama. Drili ya mkono, chaja ya simu na mashine ya kukaushia nywele mara nyingi huwa na tabaka mbili za kihami, ili la kwanza likiharibika la pili liendelee kumkinga mtumiaji asifikiwe na waya wa moto. Alama yake ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, iliyochapishwa kwenye kibandiko. Kebo yake ina nyaya mbili tu, na pini ya juu ya chaja nyingi ni ya plastiki, kazi yake ikiwa ni kufungua vilango vya soketi pekee. Kifaa kilichopasuka ganda au kilicholowa maji kimepoteza kinga hiyo.

Maswali (alama 20)

1. Kwa nini fyuzi huwekwa kwenye waya wa moto na si kwenye nyutro? (alama 2)
2. Pasi ndogo ina nguvu ya wati 960. Kokotoa mkondo wake kwa volteji 240, kisha uchague fyuzi kati ya 3, 5 na 13. (alama 3)
3. Waya wa moto umeigusa bodi ya mashine ya kufulia iliyounganishwa na waya wa ardhi. Ukinzani wa njia nzima ni omu 0.6. Kokotoa mkondo na ueleze kitakachotokea. (alama 3)
4. Pampu ya kisima huko Bamburi ina fyuzi ya 13 na fimbo ya ardhi yenye ukinzani wa omu 75, na hakuna njia nyingine ya kurudi. Onyesha kwa hesabu kwa nini fyuzi haitakatika, na utaje kifaa kitakachokata umeme. (alama 4)
5. Taja sehemu mbili zinazoirusha breka ya kawaida na kazi ya kila moja. (alama 4)
6. Eleza ni lini breka ya kuvuja haitamlinda mtu. (alama 2)
7. Eleza alama ya uhami maradufu na sababu ya kebo yake kuwa na nyaya mbili tu. (alama 2)

Majibu

1. Ikikatika, kifaa hutengana na volteji 240; ingekuwa kwenye nyutro, ndani ya kifaa kungebaki na umeme.
2. 960 ÷ 240 = ampia 4; fyuzi ya 5.
3. 240 ÷ 0.6 = ampia 400; fyuzi au breka hukata mara moja na bodi haibaki na umeme.
4. 240 ÷ 75 = ampia 3.2, ambazo ni chini ya 13. Breka ya kuvuja ya milliampia 30 ndiyo itakayokata.
5. Ukanda wa metali mbili kwa mzigo uliozidi. Sumakuumeme kwa shoti.
6. Anapogusa waya wa moto na nyutro kwa pamoja bila mkondo kwenda ardhini.
7. Mraba ndani ya mraba. Mtumiaji hukingwa na tabaka mbili za kihami, kwa hiyo waya wa ardhi hauhitajiki. Nyaya zilizopo ni wa moto na nyutro.