Maelezo ya ile shiti ya stoo uliyonitumia picha

Mdogo wangu, picha nimeiona. Usiguse kitu bado, na faili usilifunge. Sababu utaiona nikifika kwenye mabati.

Kwanza vichwa vya safu, maana aliyeitengeneza shiti hii aliandika kwa mkato wa kihasibu. Item ni jina la bidhaa. UOM ni kipimo tunachohesabia: mfuko kwa saruji, kipande kwa nondo, kilo kwa misumari. B/F ni salio lililoletwa kutoka mwezi uliopita, na lazima lilingane na Balance ya mwisho ya mwezi huo. Qty In ni mzigo ulioingia, Qty Out ni uliotoka, Balance ni kilichobaki ghalani. Unit Cost ni bei tuliyonunulia kimoja, si ya kuuzia. Wapya wengi hukosea hapo. Amount ni thamani ya kilichobaki, % Sold ni sehemu ya mzigo iliyokwisha kutoka, Remarks ni maoni yako.

Sasa tazama mstari wa 4, wa saruji, ambao hauna tatizo:

```
F4: =C4+D4-E4
H4: =F4*G4
```

Tulikuwa na mifuko 120, ikaingia 200, ikatoka 185, imebaki 135. Zidisha kwa 16,000 unapata 2,160,000. Zile alama ##### kwenye H5 si kosa: safu ni nyembamba, namba haienei. Ipanue tu.

Mstari wa 7, nondo, unasema #N/A. Bei ya pale haiandikwi kwa mkono, inatafutwa kwenye shiti ya Bei:

```
=VLOOKUP(A7,Bei!A:B,2,FALSE)
```

Jibu #N/A maana yake jina halikuonekana kule. Wewe utaona "Nondo mm 12" iko pande zote mbili, lakini nadhani umeacha nafasi tupu mwishoni mwa jina. Pima kwenye seli iliyo wazi kwa =LEN(A7). Jina hilo lina herufi 11 pamoja na nafasi zake. Ukipata 12, futa hiyo moja ya mwisho.

Mstari wa 9, misumari, una #VALUE! kwa sababu kwenye Qty In umeandika "kilo 25". Kompyuta inaona maneno, haiwezi kuyajumlisha. Kipimo kimeshatajwa kwenye UOM, kwa hiyo andika 25 peke yake. Balance itakuwa 37. Na nakuomba usije ukabadilisha fomula hiyo kuwa SUM ili kosa lipotee. SUM huyaruka maneno kimyakimya, ingekupa 12, na kilo 25 zingetoweka kwenye hesabu bila mtu kujua. Heri kosa linalopiga kelele.

#DIV/0! ya mstari wa 11 ni kugawanya kwa sifuri. Ile rangi haikuwa na salio wala haijaingia, hivyo hakuna cha kukigawia. Iache, mzigo ukifika itaondoka yenyewe.

Linalonisumbua ni mstari wa 14, mabati. Fomula imekuwa hivi:

```
=C14+#REF!-E14
```

Seli iliyokuwa ikisomwa imefutwa yenyewe, siyo namba iliyokuwa ndani tu. Nafikiri ulibofya Delete kisha ukachagua Shift cells up, na safu yote ya Qty In chini yake imepanda mstari mmoja. Ndiyo maana mabati yanaonekana yameingia 60, wakati 60 ni za mbao za mstari wa 15. Dawa ni Ctrl+Z, ambayo haitafanya kazi ukishafunga faili. Siku nyingine ukitaka kuondoa namba, tumia kitufe cha Delete cha kibodi. Hicho huacha seli mahali pake.

Anza na hilo la mabati, kabla ya yote. Usije ukarekebisha nondo kwanza, kwani Ctrl+Z hurudi nyuma hatua kwa hatua na itafuta kazi yako nyingine.

Kuhusu jumla ya H20: inaonyesha #N/A kwa kuwa hubeba kosa la kwanza inalokutana nalo kutoka juu. Ukishatengeneza nondo itageuka #VALUE!, usishtuke, hujaharibu. Lakini kamwe usiandike jumla kwa mkono juu ya fomula. Bosi anaagiza mzigo kwa kuitazama namba hiyo, naye hawezi kujua kuwa imepachikwa.

Hati za kupokelea mzigo ziko kwenye faili la bluu juu ya kabati. Linganisha nazo safu nzima ya Qty In kuanzia mstari wa 14 hadi 18, kisha nipigie kabla hujahifadhi.